Kagua taa za mapambo za zamani kabla hujazichomeka

Taa za mapambo zina sura ya kitu kisicho na madhara. Balbu ni ndogo kama punje ya kunde, waya ni mwembamba, na watoto wanapenda kuzishika. Nyumba nyingi hununua seti moja kwa Krismasi, kwa Maulidi au kwa harusi ya mmoja wa familia, kisha huiviringisha na kuitupia kwenye boksi juu ya kabati au darini hadi shughuli nyingine. Sisi tunaofanya kazi ya usalama wa moto hatuogopi udogo wa balbu. Tunaogopa kwamba waya ule mwembamba, kwa seti nyingi zinazochomekwa moja kwa moja ukutani, umebeba volti 230 zilezile zinazowasha pasi na friji.

Ukisoma kwenye kitako cha balbu utakuta pengine imeandikwa 12V, na hapo ndipo watu hudanganyika. Volti 12 ni sehemu inayoifikia balbu hiyo moja wakati seti nzima inawaka, kwa sababu balbu zimeungwa kwa mfululizo, umeme ukipita ya kwanza ndipo ufike ya pili. Ukichomoa balbu moja huku plagi iko ukutani, holda ile tupu inabaki na volti 230 zote kati ya vyuma vyake viwili. Kidole cha mtoto kinatosha kuvifikia. Kwa hiyo ukaguzi wote wa mwanzo unafanywa plagi ikiwa nje, na mchana, kwenye mwanga wa kutosha.

Tandaza seti yote sakafuni au kwenye meza ndefu, usiikague ikiwa imeviringwa. Anzia kwenye plagi, pitisha waya taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka mwisho, ukiukunja kidogo kila baada ya sentimita chache. Plastiki nzima hujikunja na kurudi. Plastiki iliyokaa miaka chini ya bati la moto hukauka, na ukiikunja inaonyesha nyufa nyembamba kama mikunjo ya ngozi ya kiwiko. Hizo nyufa ndizo njia ya unyevu. Ukiona alama ndogo za meno zilizopangana, hiyo ni kazi ya panya, na mara nyingi hakutafuna mahali pamoja tu, hivyo rudia kukagua kuanzia mwanzo. Watu wa Tanga, Mombasa au Unguja watazame pia rangi ya shaba pale waya unapoingia kwenye holda. Chumvi ya hewa ya pwani huigeuza kuwa ya kijani na kuila polepole, na nyuzi chache za shaba zinazobaki zikipitisha umeme wote hupata moto hapo hapo.

Sehemu zinazochubuka zaidi ni tatu: shingo ya plagi, mlango wa kila holda, na pale seti ilipofungiwa msumari au kubanwa na dirisha mwaka uliopita. Ukiona shaba, hata kama ni urefu wa punje ya mchele, seti hiyo imekwisha. Najua wengi watachukua tepu nyeusi na kuifunga. Tepu hufaa kwa fundi anayejua anachounga, kwenye waya mnene uliofungwa vizuri mahali pakavu. Kwenye waya mwembamba wa mapambo gundi yake hulainika kwa joto, tepu inateleza, na shaba inarudi nje usiku ukiwa umelala.

Plagi nayo itazamwe kwa karibu. Seti nyingi zinazouzwa madukani kwetu huja na plagi ya miguu miwili ya duara, wakati soketi zetu ni za matundu matatu. Watu hudidimiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke, kisha wanaisukuma plagi ndani. Plagi hiyo haikai sawasawa, inatikisika, inatoa cheche ndogo ndani ya soketi, na baada ya siku chache unaona plastiki imekuwa ya kahawia. Tatizo la pili halionekani kwa macho: umeiruka fyuzi. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake, na kwa waya wa mapambo fyuzi inayofaa ni ya ampea 3. Nunua adapta yenye fyuzi, ifungue, usome namba kwenye fyuzi yenyewe. Ukikuta 13, ibadilishe. Hitilafu inayovuta ampea 7 au 8 haitaikata fyuzi ya 13, lakini inatosha kabisa kuyeyusha waya mwembamba.

Sasa balbu. Chukua seti ya kawaida ya zamani, balbu 20, kila moja ya volti 12. Ukigawanya volti 230 kwa 20 unapata 11.5, na kila balbu inafanya kazi kwa raha. Balbu moja ikiungua, kwa seti zisizo na ujanja wowote ndani, zote huzimika, na mwenye nyumba anajua kuna kasoro. Lakini balbu nyingi za aina hii zimewekewa waya mdogo, uliofunikwa kwa tabaka lisilopitisha umeme, kwenye miguu ya filamenti, yaani ule uzi unaowaka ndani ya balbu. Filamenti ikikatika, volti zote 230 hulisukuma tabaka hilo, linatoboka, na balbu iliyokufa inageuka kuwa kipande cha waya tu. Nyingine zinaendelea kuwaka.

Hapo ndipo watu husema, "Si zinawaka? Nne tu ndizo zimekufa." Hesabu inasema tofauti. Zimebaki 16, na volti 230 ni zilezile. Kila moja sasa inapata karibu volti 14.4, yaani robo zaidi ya mwanzo. Zinawaka kwa mwanga mkali zaidi na mweupe zaidi, joto zinalolitoa linapanda kwa kiasi kinachozidi theluthi, na maisha yake yanafupika vibaya sana. Ya tano haikawii kuungua, ya sita inafuata haraka zaidi, huku holda za plastiki zikianza kulainika. Mti wa mapambo uliokauka, pazia jepesi au makaratasi ya rangi yakiwa yamegusana na balbu hizo, moto una mahali pa kuanzia. Seti ya zamani inayong'aa kuliko ilivyokuwa mpya ni seti inayoomba kuzimwa.

Balbu iliyokufa utaijua hata bila umeme. Ichomoe, iinue kwenye mwanga, utaona filamenti imekatika au kioo kimekuwa cheusi kwa ndani. Mwenye multimita aiweke kwenye kipimo cha ukinzani na aguse miguu miwili ya balbu: nzima itaonyesha namba ndogo, iliyokatika haitaonyesha kitu, na ile iliyogeuka kipande cha waya itaonyesha karibu sifuri. Balbu mpya lazima iwe ya volti ileile na aina ileile. Ukiweka ya volti 6 kwenye seti ya 12, mgawanyo wa volti kati ya balbu unavurugika. Kuna seti zenye balbu moja iliyopakwa rangi tofauti kichwani, mara nyingi nyeupe; hiyo ndiyo fyuzi ya seti, na haibadilishwi na balbu ya kawaida. Ile tabia ya kuziba tundu la balbu kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili nyingine ziwake iachwe kabisa, kwa sababu unafanya kwa mkono kosa lile tulilolihesabu hapo juu.

Ndugu walioko Marekani au Kanada hutuma taa kwenye maboksi ya zawadi. Soma kibandiko karibu na plagi kabla ya yote. Kikiandika 120V, zisichomekwe kwenye umeme wetu hata kwa dakika moja. Na zile za LED zenye kiboksi kidogo cha kubadilisha mtindo wa kumeta hazipati joto kama za zamani, lakini usidhani kiboksi kile kimepunguza umeme. Zisizo na adapta ya kushusha volti, waya wake una umeme wa ukutani toka mwanzo hadi mwisho.

Seti ikishapita hapo, geukia ekstensheni. Kwa kawaida taa zenyewe hazina mzigo mkubwa. Hatari inatokana na vitu vinavyochomekwa pamoja nazo. Soma maandishi kwenye mwili wa kebo. Kebo iliyoandikwa 3x0.75 ina waya tatu za milimita 0.75 za mraba, na kwa kawaida hubeba ampea 6, ambazo kwa volti 230 ni wati 1,380. Siku ya sherehe mtu anachomeka taa, spika ya muziki, halafu birika la umeme la wati 2,000. Birika peke yake linavuta karibu ampea 9. Kebo inapata joto chini ya zulia bila mtu kuona, na fyuzi ya 13 kwenye plagi imetulia tu. Kwa mzigo wa namna hiyo unahitaji 3x1.5, na birika likae kwenye soketi yake ya ukutani.

Kebo isiyo na maandishi yoyote usiiamini. Fungua plagi yake kwa bisibisi: zinatakiwa waya tatu, kahawia, bluu, na ya kijani yenye mstari wa njano. Zipo ekstensheni zenye miguu mitatu nje na waya mbili ndani. Sogeza sumaku ndogo kwenye nyuzi. Zikinasa, hiyo ni chuma iliyopakwa shaba. Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ifunguliwe yote kabla ya kutumika, maana ikiwa imeviringwa joto halina pa kutokea. Ekstensheni moja isichomekwe kwenye nyingine. Na ya ndani isipelekwe uani, hasa Desemba ambapo mvua za vuli bado zinanyesha. Kwa nje tafuta taa na soketi zenye alama ya IP44, na saketi yenye swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30.

Jaribio la mwisho lifanyike kabla ya kupandisha taa kwenye mti au ukuta. Zitandaze kwenye sakafu ya saruji, mbali na zulia, ziwashe, na ukae nazo nusu saa. Kisha zima, chomoa, na ndipo uguse plagi, adapta, kiboksi na urefu wa ekstensheni. Uvuguvugu kidogo ni kawaida. Kitu usichoweza kukishikilia kwa raha, harufu ya plastiki, mlio wa kukwaruza ndani ya soketi au sehemu inayomemeta bila kupangwa ni sababu ya kuishia hapo. Moshi ukitokea, kata swichi kuu kwanza, usimwage maji, na kwa Tanzania piga 114.

Seti iliyoshindwa ukaguzi usiirudishe kwenye boksi wala usimpe jirani. Ikiwa imechomolewa, kata plagi kwa mkasi karibu kabisa na shingo, kisha kata waya vipande viwili au vitatu kabla ya kuutupa, ili anayeokota jalalani asipate kitu cha kuchomeka.