Ujumbe wa radhi wenye mpango, na kwa nini "tunalifanyia kazi" si mpango

"Samahani kwa usumbufu uliojitokeza, tunalifanyia kazi." Wauza vifaa vya ujenzi wengi hapa Dar huwatumia wateja maneno haya mzigo unapokwama, kisha wanasema wameshaomba radhi na kutoa mpango. Radhi imo, ingawa haitaji kosa lenyewe. Mpango haumo kabisa.

Ujumbe wa radhi wenye mpango hulitaja kosa waziwazi, husema sababu kwa sentensi moja, kisha hueleza nini kitafika, kiasi gani, saa ngapi, nani anafuatilia, na itakuwaje kisipofika.

Penye utata ni tofauti ya ahadi na mpango. "Kesho asubuhi mzigo utakuwa saiti" ni ahadi, hata ukiiwekea saa, kwa sababu inaeleza tu anachokusudia muuzaji. Mpango huanzia kwenye kazi ya mteja. Akishausoma, anapaswa kuweza kuamua bila kukupigia: mafundi waje kesho au wakae nyumbani?

Chukua duka la Kariakoo lililotakiwa kupeleka Kigamboni katoni 120 za tailizi za sentimita 60 kwa 60. Kenta inapakiwa, mtu wa stoo anasoma namba ya bechi ubavuni mwa katoni, anakuta 30 ni za bechi nyingine. Ni tailizi zilezile kwa jina, lakini bechi mbili hupishana rangi kidogo, na zikichanganywa kwenye sakafu moja huonekana mara mwanga wa dirishani unapozipiga. Gari linasimamishwa, saa inapita. Ujumbe unaofaa ni huu:

"Habari za mchana, injinia. Katoni 120 za tailizi zilitakiwa kufika saiti leo Jumanne saa 3 asubuhi. Hazijafika, na hatukukupa taarifa mapema. Tunaomba radhi. Wakati wa kupakia tulikuta katoni 30 ni za bechi nyingine, tukasimamisha gari. Katoni 90 za bechi moja zinatoka stoo saa 8 mchana na zitafika kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Dereva atakupigia akifika Daraja la Nyerere. Zile 30 tunazitafuta kwa bechi hiyohiyo, jibu utalipata Alhamisi saa 6 mchana. Zikipatikana zitafika Jumamosi asubuhi. Zikikosekana utachagua: tukurudishie hela yake, au tukuletee bechi nyingine kwa chumba cha peke yake. Nauli ya safari ya pili ni juu yetu. Malipo ya mafundi wawili waliokaa bure leo tutayakata kwenye ankara, nitumie kiasi. Nafuatilia mwenyewe kwa namba hii."

Angalia hizo 90. Katoni ya saizi hii kwa kawaida ina vipande vinne, yaani mita za mraba 1.44. Fundi mmoja kwenye vyumba vilivyonyooka akipiga mita za mraba 14 hivi kwa siku, anamaliza kama katoni 10. Mafundi wawili wakianza Jumatano, watakuwa wametumia kama 80 hadi Jumamosi jioni. Kwa hiyo 30 zilizobaki zikifika Jumamosi, kazi haisimami hata saa moja. Hesabu hiyo ndiyo mpango. Mengine yote ni adabu, nayo inahitajika. Muuzaji asiyejua idadi ya mafundi walioko saiti amuulize mteja kabla ya kuandika.

Ujumbe wa aina hii huharibika zaidi kwenye saa. Mtu anaandika "saa 10 kamili" kabla hajaongea na dereva, foleni ya kutokea Kariakoo inamshika, na sasa anadaiwa radhi ya pili, ambayo mteja haisomi kwa moyo uleule. Piga simu stoo na kwa dereva kwanza, halafu andika nafasi ya saa nzima. Sababu nayo ikizidi sentensi moja inageuka utetezi: mvua, foleni, kijana wa stoo. Mteja anaona unatafuta wa kumlaumu.

Na kama kweli hujui lolote bado, "tunalifanyia kazi" inaweza kubaki, ila ipewe saa: "Mzigo hautafika saa 3. Tunahesabu katoni stoo, na saa 5 nitakupigia kukwambia ngapi zinatoka leo." Saa 5 ikifika, piga, hata kama hesabu haijakamilika.