Wasifu wa Kwanza: Kazi Isiyo na Mkataba Nayo Huandikwa

Vijana wengi waliomaliza kidato cha nne au cha sita huja kwetu wakiwa na wasifu waliotengenezewa stesheneri. Jina, tarehe ya kuzaliwa, dini na hali ya ndoa vyote vimo. Ukifika kwenye uzoefu wa kazi, unakuta neno moja tu: "Hakuna."

Neno hilo lifute, na kichwa chake cha habari kibadilishe kiwe "Shughuli na majukumu". Chini yake andika kazi yoyote uliyoifanya kwa mfululizo na ambayo yupo mtu anayeweza kuithibitisha. Kama ulilipwa au hukulipwa, hilo si kigezo.

Tuchukulie binti aliyemaliza kidato cha nne Novemba 2024, na sasa anataka kuomba ukeshia kwenye duka kubwa jijini Dar es Salaam. Ukimuuliza amewahi kufanya kazi gani, atajibu: "Sijafanya kazi, nilikuwa namsaidia mama mdogo dukani tu." Hapo usimwachie. Duka linauza nini? Vyakula, na lina uwakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Alianza lini? Alipokuwa kidato cha tatu, jioni baada ya shule. Tangu amalize mtihani anakaa kutwa. Nani anafunga hesabu? Yeye. Kila jioni anahesabu fedha zilizomo kwenye droo, anaangalia floti iliyobaki kwenye simu, kisha anaandika kwenye daftari. Daftari la wanaokopa anatunza nani? Yeye pia, na ndiye anayefuatilia malipo yao. Mzigo anaagiza nani? Mama mdogo. Basi hilo la kuagiza haliingii kwenye wasifu wake.

Majibu hayo yakipangwa yanakuwa hivi:

Msaidizi wa duka (biashara ya familia), Mbagala, Dar es Salaam
2023 hadi sasa. Kutwa nzima tangu Novemba 2024
Nahudumia wateja wa rejareja na wa miamala ya simu.
Nafunga hesabu kila jioni: nalinganisha fedha taslimu, floti na daftari la mauzo.
Natunza daftari la wateja wanaokopa na kufuatilia malipo yao.

Mwajiri wa keshia anatafuta mtu aliyezoea kushika fedha za wengine na kuzitolea hesabu, na mistari hii inamwonyesha hivyo. Maneno "biashara ya familia" yasifichwe. Wapo wanaojiita "Meneja Mauzo" ili waonekane wazito, lakini kwenye usaili wakiulizwa walisimamia wafanyakazi wangapi, wanakwama. Kuanzia hapo hata yale ya kweli hayaaminiki tena.

Binti huyohuyo akiomba kazi ya mapokezi hotelini, mstari wa kuhudumia wateja ubaki juu na wa wadaiwa uondoke. Ndiyo maana wasifu mmoja usitumwe kila mahali. Kila tangazo lisome, kisha upange upya.

Na uongozi wa shuleni ni vivyo hivyo. "Kiranja wa chakula" peke yake haimwambii msomaji kitu. Lakini ukiandika kwamba ulikuwa ukipokea magunia ya unga na maharage stoo, ukayahesabu na kusaini daftari pamoja na mwalimu wa zamu, mtu wa ghala atakuelewa mara moja.

Wadhamini ndio hasa wanaoubeba wasifu wa namna hii, kwa sababu huna mwajiri wa zamani wa kupigiwa simu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida hutaka wadhamini watatu wenye namba za simu zinazopatikana. Baba na mama usiwaweke. Weka mwalimu wa darasa au wa somo, kiongozi wa kanisa au msikiti anayekufahamu kwa kazi, au mfanyabiashara jirani aliyekuona dukani. Waombe kwanza, kisha uwaeleze umeomba kazi gani. Mdhamini anayepigiwa simu akauliza "Nani huyo?" amekuharibia.

Kwenye elimu, anza na ya karibuni, na taja masomo yanayohusiana na kazi unayoomba. Jina liwe kama lilivyo kwenye cheti na kwenye kitambulisho cha NIDA. Kama yanatofautiana, shughulikia mapema kupata hati ya kiapo. Kwa ajira za serikali, hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti chenyewe.

Ukurasa mmoja unatosha. Ukichapishiwa stesheneri, kagua kila sehemu, kwa sababu huwa wanafuta jina la mteja aliyetangulia na kuacha lugha zake, michezo yake, hata tarehe ya sahihi yake. Kisha mpe mtu wa nyumbani akuulize swali moja kwa kila mstari: ulifanyaje hili? Mstari utakaokushinda kuuelezea, utoe kabla hujatuma.