Mkopo wa dola kwa mwenye kipato cha shilingi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mkopo wa dola wa riba ya asilimia 9 ni nafuu kuliko wa shilingi wa asilimia 16.

Riba hizi hazilinganishiki mpaka zote zipigwe hesabu kwa shilingi. Tuchukue mfano wa mwenye Fuso wa Tabora mjini, anayebeba mizigo kwenda Urambo na Kaliua na kulipwa shilingi. Anakopa dola 10,000 kwa mwaka mmoja, deni na riba vilipwe mwishoni. Siku ya kukopa benki inanunua dola kwa 2,285, hivyo anaondoka na shilingi 22,850,000. Mwaka ukiisha anadaiwa dola 10,900. Ikiwa benki sasa inauza dola kwa 2,525, atazinunua kwa shilingi 27,522,500. Gharama ni 4,672,500, yaani zaidi kidogo ya asilimia 20 ya alichopokea. Kiasi hichohicho kwa mkopo wa shilingi kingemgharimu 3,656,000. Amepoteza zaidi ya milioni moja, na hapo ada za mkopo hatujazigusa.

Tazama pia kwamba alipokea kwa bei ya benki ya kununua, akalipa kwa bei ya kuuza. Pengo hilo analilipa hata shilingi isipotikisika, na wakopaji wengi hawaliingizi kwenye hesabu.

Dhana: Shilingi imetulia, hakuna cha kuogopa.

Dola ilikaa karibu na shilingi 2,300 kwa miaka kadhaa hadi 2022, watu wakazoea. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 2,500, na mwaka huo dola zenyewe ziliadimika. Kweli, mwishoni mwa 2024 shilingi iliimarika ghafla, na aliyelipa deni wakati huo alipata ahueni. Lakini tarehe ya marejesho ipo kwenye mkataba, haingoji ahueni.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, tafuta bei ya mpaka. Chukua jumla ambayo ungelipa kwa mkopo wa shilingi, igawe kwa dola utakazodaiwa. Kwa mwenye Fuso wetu ni 26,506,000 kugawa kwa 10,900: karibu 2,432. Benki ikiuza dola juu ya hapo siku ya kulipa, mkopo wa dola umekuwa ghali zaidi. Anayelipa kila mwezi ana mpaka tofauti, kwa sababu deni lake linapungua huku mwaka ukienda, na dola ikipanda mwishoni inamkuta na salio dogo.

Dhana: Tabora ni mkoa wa tumbaku, dola hazitukosi.

Bei ya tumbaku imekuwa ikitajwa kwa dola masokoni, hivyo mkulima mwenye deni la pembejeo la dola ana kinga: dola ikipanda, deni na mauzo yake hupanda pamoja kwa shilingi. Mwenye Fuso hana kinga hiyo, hata akibeba tumbaku hiyohiyo, maana malipo ya mzigo walishapatana kwa shilingi.