Asilimia 78 kwenye kopo la soda: ni ya nani?

"Niko Marekani, na mtaalamu wa lishe kanipangia kalori 1,500 kwa siku. Kopo la soda limeandikwa sukari iliyoongezwa asilimia 78. Ni asilimia 78 ya kwangu au ya nani?"

Ni ya mtu wa kufikirika anayekula kalori 2,000 kwa siku. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani humtumia huyo kama kipimo, ili lebo za dukani zilinganishike. Sukari yake iliyoongezwa haitakiwi kuzidi sehemu ya kumi ya kalori, yaani kalori 200. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, kwa hiyo kikomo chake ni gramu 50. Kopo la mililita 355 lina gramu 39, ndiyo hiyo 78.

Sasa njoo kwako. Sehemu ya kumi ya 1,500 ni 150; gawa kwa 4, unapata gramu 37.5. Kopo moja tu, na umeshavuka: asilimia 104. Si lazima upitie gramu kila mara. Chukua asilimia ya lebo, zidisha kwa 2,000, kisha gawa kwa kalori zako. Kwa 1,500 ni sawa na kuongeza theluthi: 78 na 26. Anayekula 2,500 yeye anapunguza sehemu ya tano, na 78 yake inashuka hadi kama 62.

Hesabu hii inafaa kwa mafuta, wanga, sukari iliyoongezwa, nyuzinyuzi na protini, kwa sababu viwango vyake vilitokana na kalori zenyewe. Usiipeleke kwenye kila mstari. Sodiamu, ile ya kwenye chumvi, kikomo chake ni miligramu 2,300 kwa mtu mzima, awe anakula kidogo au sana. Fundi ujenzi wa kalori 3,000 akiona supu ya kopo ina sodiamu asilimia 30, akaikokotoa ikawa 20, amejidanganya. Kwake ni 30 vilevile.

Madini ya chuma nayo yana vituko vyake. Asilimia 100 ya lebo ni miligramu 18, kiasi anachohitaji mwanamke anayepata hedhi. Mwanamume mzima hutosheka na 8, kwa hiyo bakuli la nafaka lenye asilimia 50, yaani miligramu 9, limeshampa chuma cha siku nzima na kuzidi.

Tukirudi kwa fundi wetu na supu yake: asilimia huandikwa kwa kipimo kimoja cha kula, na juu ya lebo pameandikwa kopo lina vipimo viwili. Yeye kalimaliza lote, kwa hiyo amekula 60.