“Si ni nyama ile ile?”

Malalamiko hayabadiliki, hasa Lubumbashi mwezi wa Oktoba joto linapopanda: “Nilinunua kipande kimoja, nusu nikaacha steki, nusu nikasagisha. Siku ya tatu steki iko nzuri, ya kusaga inanuka. Muuza nyama alinichanganyia ya zamani!” Mama, mara nyingi hakuchanganya kitu.

Kwenye kipande kizima, bakteria wako juu, pale palipoguswa na kisu, mikono na meza. Ndani karibu hamna kitu. Ukisaga, ule uso wa nje unaingizwa katikati, pamoja na uchafu wowote uliobaki kwenye mashini. Tena uso wenyewe unaongezeka. Kipande cha mraba cha sentimita 10 kila upande, yaani kilo moja hivi, kina uso wa sentimita za mraba 600. Kikitoka kwenye mashini kama nyuzi za milimita 5, uso unafika 8,000 hivi. Kila mahali pana maji ya nyama na hewa, chakula tayari kwa bakteria. Ndiyo maana, kwenye frigo ya digrii 4 au chini, steki inakaa siku 3 hadi 5, ya kusaga siku 1 au 2 tu.

Halafu linakuja kosa linaloniudhi kuliko yote: bonge zima la kilo moja, limefungwa kwenye sashe, linatupwa kwenye frigo vilevile. Bonge hilo lina unene wa sentimita 12 hivi. Nje linapoa, katikati linabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na bakteria wako huko pia. Gawa gramu 500 kwa kila sashe, kandamiza mpaka unene uwe sentimita 2, toa hewa, andika tarehe. Usirundike sashe juu ya sashe kabla hazijapoa. Utakayoipika kesho iache kwenye frigo, chini kabisa, juu ya sahani. Nyingine igandishe siku hiyohiyo. Na sagisha mwisho, ukimaliza manunuzi mengine: kwenye joto la kupita digrii 32, usipitishe saa moja njiani.

“Imekuwa kahawia ndani, imeoza.” Hapana. Katikati imekosa hewa tu. Utelezi na harufu ya uchachu ndivyo vya kuogopa, ingawa bakteria wa kuumiza tumbo wanaweza kuwepo bila harufu yoyote.

“Nitaipika sana.” Moto unaua bakteria, lakini sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha haiondoki kwa kuchemka. Nyama iliyooza tupa.

“Umeme ulikatika, lakini imeganda tena.” Kugandisha hakuui bakteria, kunawasimamisha tu. Kigandishi kilichojaa, kisipofunguliwa, kinatunza baridi saa 48 hivi. Kilichojaa nusu, saa 24. Umeme ukirudi, bonyeza sashe: ikiwa bado ina barafu ndani, igandishe tena. Ikiwa imelainika lakini bado ni baridi kama ya frigo, pika leo. Ikiwa imepata joto zaidi ya saa mbili, itupe.