Kufungasha sosi ya pilipili: anza na shingo ya chupa

Kazi yangu ni kusaidia watu wanaotengeneza vitu nyumbani waviingize dukani, na swali naloulizwa sana ni nani anaweza kunitengenezea logo kali. Mi huwa naomba kwanza nioneshwe chupa moja iliyokaa kabatini kama wiki tatu hivi, sio ile mpya iliyofutwa futwa kwa ajili yangu. Mteja akiishika sosi asiyoijua anafanya vitu vya haraka sana bila hata kufikiria, anaangalia shingoni kama imevuja, anajaribu kifuniko na dole gumba, alafu anaigeuza nyuma atafute tarehe. Ikifeli hapo shingoni basi, logo hata haijasomwa.

Leo nitatumia mfano mmoja tu, sosi ya nyanya na pilipili kwenye chupa ya glasi ya mililita 250, ya mama mmoja niliyefanya nae kazi. Sosi yake ilikua tamu kweli, lakini chupa zikirudishwa kutoka dukani zilikua na alama ya mafuta chini ya kifuniko, lebo imefifia, na baadhi ukifungua zinatoa pshhh kama soda. Hiyo ya mwisho ndo ya kushughulikia kwanza maana gesi ndani ya sosi ambayo haikuwekewa gesi ni vijidudu vinakula, na chupa ya namna hiyo inamwagwa, haionjwi.

Kwahiyo kabla ya kufungasha tunapima uchachu, yaani pH, na namba ikiwa ndogo ndo uchachu ni mwingi. Mstari unaojulikana ni 4.6, juu ya hapo bakteria wa botulizimu anaweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa bila hewa na kutoa sumu, na sumu yenyewe haina lazima ibadilishe harufu wala ladha. Watengenezaji makini hawakai jirani na mstari, wanalenga 4.0 au chini. Karatasi za kupimia zinasumbua kwenye sosi nyekundu kwasababu rangi ya sosi inapaka karatasi na huoni kitu, bora kipimo cha digitali, ukisahihishe kwanza kwa vile vimiminika vya 4 na 7 vinavyouzwa nacho. Pima sosi ikiwa imesagwa na imepoa, alafu pima tena kesho yake, maana vipande vya pilipili na kitunguu vinanyonya siki taratibu na namba inaweza kupanda. Yeye alikua kwenye 4.5, tukaongeza siki mpaka ikatulia 3.9. Na niseme wazi, haya yote naelezea ni ya sosi chachu tu. Kitunguu swaumu kwenye mafuta sio sosi chachu, usikifungashe kwa njia hii hata chupa iwe nzuri vipi.

Sasa kujaza. Sosi ijazwe ikiwa moto, nyuzi 85 au zaidi ndani ya chupa yenyewe, sio kwenye sufuria, kwasababu kutoka sufuriani kupita faneli mpaka kuingia kwenye chupa ya baridi unapoteza joto jingi sana. Chupa zipashwe moto kwanza, zinakua hazipasuki alafu hazinyonyi joto la sosi. Jaza uache nafasi kama sentimita moja juu, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, funga, ilaze au igeuze kichwa chini dakika 2 au 3 ili ile sosi ya moto iguse shingo na sehemu ya ndani ya kifuniko, alafu isimamishe ipoe. Ikipoa sosi na mvuke vinajikunja, kifuniko kinavutwa chini, hapo ndo unapata ule mvuto ambao mteja akifungua mara ya kwanza anausikia.

Kule kufuta mdomo watu wanakuruka kwasababu kunachosha, na ndiko kulikokua kunamuumiza huyu mama. Tone moja la mafuta au mbegu ya pilipili kati ya glasi na kifuniko inatosha kuacha njia nyembamba, haionekani kwa macho, lakini mafuta yanaijua. Jaribio lake ni rahisi: chupa zikishapoa na kukauka zilaze ubavu juu ya tishu nyeupe usiku kucha. Asubuhi tishu itakwambia. Tulivyofanya mara ya kwanza zilivuja nyingi kuliko tulivyotegemea, na nusu ya tatizo ilikua ni vifuniko, alikua anavirudia vya zamani vilivyotoka kwenye chupa zingine, ile pete laini ya ndani imeshaminywa na haikai tena. Chupa ya glasi unaweza kuirudia ukiiosha na kuichemsha, kifuniko nunua kipya.

Wanaopenda plastiki angalieni chini ya chupa, kuna pembetatu yenye namba. Namba 1 ni ile ngumu inayong'aa kama ya maji ya kunywa, hii ya kawaida inaanza kulainika kwenye nyuzi 70 na kitu, ukiimiminia sosi ya 85 inajikunja kiuno na haisimami sawa tena, na hakuna mteja anayeamini chupa iliyopinda. Namba 5 inavumilia joto ila haing'ai sana. Chagua kwa kujua hilo, basi.

Juu ya kifuniko weka sili, ile bendi ya plastiki inayosinyaa kwa joto. Inavalishwa chupa ikiwa imepoa na imekauka, unaizungushia draya ya nywele yenye moto wa kutosha mpaka ibane. Kazi yake sio kuzuia kuvuja, hiyo ni kazi ya kifuniko, sili inamwambia mteja hakuna mtu aliyefungua kabla yake. Ukivalisha sili juu ya kifuniko kinachovuja umeficha tu uchafu, alafu mafuta yanajikusanya ndani ya bendi na yanaonekana vizuri zaidi.

Haya, lebo. Lebo ya huyu mama ilikua karatasi ya kawaida imeprintiwa kwa printa ya wino, na wino wa maji ukikutana na chupa iliyotoka kwenye friji unatiririka. Printa ya leza haitiririki, lakini karatasi yenyewe bado inanyonya mafuta na kuonesha doa kama karatasi ya kufungia maandazi. Kwa sosi yenye mafuta stika ya plastiki ndo inakaa. Kabla ya kuprinti nyingi chukua moja, ibandike, idondoshee tone la mafuta, iweke friji usiku mmoja, itoe iache ijae jasho, alafu isugue na kidole. Ikipona hapo itapona dukani.

Vipimo vya lebo watu wanakisia, wanaprinti mia tano ndo wanagundua inapanda kwenye bega la chupa na kufanya mikunjo. Lebo ikae kwenye sehemu iliyonyooka tu. Chupa yetu ilikua na upana wa sentimita 6, mzunguko wake ni kama 18.8, kwahiyo lebo tukaifanya 18 tukaacha mwanya mdogo nyuma ili mtu aone sosi na ncha zisipandane. Sehemu iliyonyooka ilikua sentimita 9, lebo tukaipa 8, nusu sentimita juu na nusu chini. Na usibandike chupa ikiwa ya uvuguvugu au ina unyevu, gundi inateleza, asubuhi lebo zote zimeinama upande mmoja. Osha chupa kwa maji ya sabuni baada ya kupoa, kausha, ndo ubandike.

Mbele ya lebo jina la kitu liwe kubwa kuliko jina lako. Mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye rafu anataka kujua hii ni nini na kali kiasi gani, jina lako atalijali akirudi mara ya pili. Nyuma weka viambato kuanzia kilicho kingi kwa uzito kwenda kidogo, na kama kuna karanga, ufuta, soya, ngano au maziwa yaonekane wazi maana kuna watu yanawadhuru vibaya. Weka namna ya kuhifadhi baada ya kufungua, uzito, tarehe, namba ya bachi, na simu inayopokelewa. Masharti ya lebo yanatofautiana nchi na nchi kwahiyo ulizia mamlaka ya viwango kwenu kabla hujaprinti, na zile sentensi za inatibu hiki na kile ziache kabisa, zinakuingiza matatani na mnunuzi mwenye akili anazishtukia.

Uzito nao una mtego. Chupa inasema mililita 250 ila wewe hujui umejaza kiasi gani. Pima chupa tupu na kifuniko chake, pima iliyojaa, toa. Zetu zilitoka gramu 258, 263, 255, 261, na yeye akataka kuandika 260 kwakua wastani ni kama 259, unakaribia hapo. Tukaandika 250, kwasababu anayenunua ile ya 255 hanunui wastani, ananunua chupa yake. Wenye sabuni hapa ndo mnaumia zaidi: sabuni ya njia ya baridi inakaa wiki 4 mpaka 6 ikikauka na inapoteza maji, ukiipima na kuivalisha mkanda wa karatasi siku ya kukata, baadae uzito ulioandika ni wa uongo na mkanda umelegea unazunguka wenyewe. Pima na funga mwishoni.

Tarehe tuliacha kiboksi cheupe kisichong'aa kwenye lebo ili muhuri ushike, kwenye plastiki ya kung'aa wino unafutika na kidole, na tarehe iliyofutika mteja anaisoma kama tarehe iliyofichwa. Namba ya bachi tukaifanya nyepesi, 1403-2, yaani tarehe 14 mwezi wa 3 sufuria ya pili, na kwenye daftari ameandika siku hiyo pH ilikua ngapi, nyanya zilitoka wapi na chupa zimeenda duka gani. Mtu akipiga simu akilalamika anamuomba namba hiyo na ndani ya dakika anajua chupa zipi zirudishwe.

Sasa hiyo tarehe ya mwisho wa matumizi usiikopi kwenye chupa ya kampuni kubwa, wao sosi yao ni nyingine na maabara wanayo. Kila bachi weka chupa sita pembeni, tatu mahali pa kawaida na tatu mahali pa joto zaidi kidogo, kila mwezi fungua moja moja kila upande uangalie rangi ya juu, harufu, mvuto wa kifuniko na pH. Huyu mama zake za kwenye joto zilianza kuwa kahawia juu mwezi wa tatu, ladha ikiwa bado sawa, kwahiyo kwa sasa anaandika miezi mitatu, na akitaka kuandika zaidi ya hapo atapeleka sampuli maabara.