Sigara na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari

Chukua mtu mwenye kisukari, anayevuta sigara 15 kwa siku, aliyepata kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Ataulizwa kuhusu sukari, dawa na namna anavyosafisha kidonda. Sigara mara nyingi hutajwa mwishoni, kana kwamba inahusu mapafu tu. Kwetu sisi tunaohudumia vidonda hivi, hilo ni miongoni mwa maswali ya kwanza, kwa sababu kidonda hupona kwa oksijeni inayoletwa na damu.

Nikotini huufanya mwili umwage homoni ya adrenalini, na mishipa midogo ya ngozi hubana. Wakati huohuo moshi huingiza gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hunata kwenye hemoglobini, yaani kibebaji cha oksijeni ndani ya damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo damu inayofika kidoleni ni kidogo, na hata hiyo imebeba oksijeni pungufu. Sigara moja inaweza kushusha oksijeni katika nyama iliyo chini ya ngozi kwa karibu saa nzima. Piga hesabu: sigara 15 katika saa 16 za kuwa macho ni takriban moja kila saa. Kabla kidonda hakijapata nafuu ya sigara iliyopita, nyingine imewashwa. Matokeo yake, chembe nyeupe za damu hukosa oksijeni zinayoihitaji kuua vijidudu, na kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikanisha nyama mpya, hutengenezwa chache na dhaifu.

Hayo ni ya saa hadi saa. Kwa miaka, moshi na sukari ya juu huharibu utando wa ndani wa mishipa, chembe za kugandisha damu hunatana kwa urahisi, na mafuta hujijenga ukutani mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Mvutaji asiye na kisukari huenda akashtuka mapema, maana misuli ya mguu humuuma akitembea na kutulia akisimama. Mwenye ganzi ya kisukari anaweza asisikie maumivu hayo kabisa. Ndiyo maana mguu upimwe hata kama hauumi: mapigo ya damu juu ya wayo yaguswe, na presha ya kifundo cha mguu ilinganishwe na ya mkono. Kipimo hiki cha pili kina mtego. Kisukari huweza kuikakamaza mishipa ya kifundo, na presha ikasomeka nzuri ilhali damu haipiti vizuri. Hapo hupimwa presha ya kidole chenyewe.

Sigara huvuruga pia kazi ya insulini. Homoni za adrenalini na kotisoli hulisukuma ini kutoa sukari, mafuta huachiliwa kwenye damu, na misuli huitikia insulini kwa shida. Kwa anayejidunga, kubana kwa mishipa ya ngozi hupunguza kasi ya insulini kuingia mwilini.

Mtu wetu akiacha leo, kaboni monoksaidi hushuka hadi kiwango cha kawaida ndani ya siku moja hivi, na mishipa ya ngozi huacha kubanwa kila saa. Hii ndiyo faida ya haraka kwa kidonda chake. Mzunguko wa damu huendelea kuwa bora kati ya wiki 2 na 12, na mwili unaweza kuanza kuitikia insulini vizuri zaidi ndani ya wiki 8. Baada ya mwaka, hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara hupungua karibu nusu. Mishipa iliyokwisha kuziba haifunguki kwa kuacha tu. Huenda ikahitaji kuzibuliwa hospitalini.

Anayetumia insulini au vidonge vinavyochochea kongosho apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki hizo za mwanzo, kwa kuwa dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno. Ikishuka chini ya 4 mmol/L, anywe gramu 15 za sukari iliyoyeyushwa kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Wengine sukari hupanda, kwa sababu hamu ya kula hurudi na uzito huongezeka, mara nyingi kilo 4 hadi 5 kwa mwaka. Dozi irekebishwe na daktari. Kurudia sigara kwa sababu hiyo ni hasara tupu.

Kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, bandiko la nikotini la kusaidia kuacha huanza na miligramu 21 kila siku kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Lina nikotini, lakini halina kaboni monoksaidi wala moshi, na kwa kidonda ni afadhali mno kuliko sigara.

Kidonda kipimwe urefu na upana kila wiki. Kama baada ya wiki 4 za matibabu eneo lake halijapungua nusu, mtiririko wa damu uchunguzwe upya. Kidole kikiwa cheusi, au wekundu na uvimbe vikipanda mguuni, nenda hospitali siku hiyohiyo.